"Sindano inaua mtoto mwenye degedege": Ukitaka kuisahihisha, anza kwa kumsikiliza anayeamini

Maeneo ya pwani ya Tanzania, Bagamoyo ikiwemo, kuna imani ya siku nyingi: mtoto mwenye degedege akichomwa sindano, anakufa. Mzazi anayeiamini anaanza kwa mganga, na hospitali anafika akiwa amechelewa.

Unataka kuandika kuisahihisha? Ukianza na "acheni ujinga", aliyekusudiwa anafunga simu hapo hapo. Fanya hivi.

Iseme imani kama mwenyewe angeisema

Mama huyu hajatunga. Ameona mtoto wa jirani akipelekwa hospitali, akachomwa sindano, na jioni msiba. Liandike hilo wazi, bila kebehi. Kipimo ni rahisi: msomee mtu anayeamini. Akisema "ee, ndivyo ilivyo", umemtendea haki.

Jibu kile alichokiona

Sasa eleza kwa nini alichokiona kilitokea. Degedege mara nyingi huja na homa kali, na malaria ni moja ya sababu zake. Malaria kali ikifika kwenye ubongo, kila saa ina thamani. Mtoto aliyezungushwa siku mbili anafika mahututi, anachomwa sindano, anafariki. Sindano ilikuwa tukio la mwisho kuonekana, lakini kilichomuua ni ugonjwa.

Leta ushahidi mmoja unaogusa hoja

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Nusu walipewa artesuneti, nusu kwinini, dawa zote zikiingizwa kwa sindano au dripu. Kati ya kila watoto 100, walifariki kama 9 upande wa artesuneti na 11 upande wa kwinini. Yaani karibu 90 katika kila 100 walipona, na wote walidungwa.

Usizidishe

Utafiti huo ulilinganisha dawa mbili. Hakukuwa na kundi lililonyimwa dawa, maana kumnyima mtoto mahututi ni kumuua. Kwa hiyo usiandike kwamba "umethibitisha sindano haina madhara yoyote". Pia usifiche kwamba wapo waliofariki. Mama wa msiba ule anajua, na ukificha hatakuamini tena.

Malizia na la kufanya

Msomaji asibaki na "usiamini" tu. Mwambie: mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, kisha mkimbize kituo cha afya. Hata ikitulia yenyewe, mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo.