Spea Inayouzwa Mara Mojamoja: Uagize Ngapi?

Filta ya oili haisumbui. Inauzwa kila siku, na mauzo ya miezi mitatu yanatosha kukuonyesha uagize ngapi. Kazi ipo kwenye pampu ya maji ya lori: miezi inapita bila mtu kuiulizia, kisha anatokea mwenye malori anachukua tano kwa mpigo. Ukijaza stoo, mtaji umelala. Usipoweka, mteja anahamia duka la jirani.

Wengi hutumia wastani unaorekebishwa kila mwezi, kwa kusogeza makisio ya zamani, tuseme kwa asilimia 20, kuelekea mauzo mapya. Chukua makisio ya pampu 0.75 kwa mwezi. Miezi mitano bila mauzo inayashusha hadi 0.25. Mwezi wa sita zinauzwa tano, makisio yanaruka hadi 1.2. Kwa hiyo yako chini kabisa mteja anapoingia, na juu kabisa akishaondoka na mzigo. Na kwa kuwa wenye maduka huagiza mara tu baada ya kuuza, wanaagiza kwa namba iliyovimba.

Mwaka 1972 J. D. Croston alitenganisha maswali mawili: mteja akija huchukua ngapi, na kati ya mauzo na mauzo hupita muda gani? Kila jibu lina wastani wake, nao haurekebishwi mpaka pawe na mauzo. Kwa pampu zetu, tuseme mteja huchukua 3 kila baada ya miezi 4. 3 gawanya kwa 4 ni 0.75. Sasa zimeuzwa 5 baada ya miezi 6. Idadi inasogea hadi 3.4, muda hadi 4.4, na makisio mapya ni 0.77. Hayakuyumba.

Hata hivyo hesabu hiyo huzidisha kidogo. Syntetos na Boylan walionyesha hivyo, na mwaka 2005 wakachapisha dawa yake: kwa marekebisho ya asilimia 20, zidisha jibu kwa 0.9. Tunapata 0.70.

Udhaifu mkubwa zaidi ni spea inayokufa. Malori ya aina ile yakiisha barabarani, hakuna mauzo, basi makisio ya Croston yanabaki 0.75 miaka nenda rudi. Njia ya Teunter, Syntetos na Babai ya mwaka 2011 hurekebisha kila mwezi uwezekano wa kupata mauzo, hata mwezi mkavu. Ukianza na uwezekano wa 0.25 na kuupunguza kwa asilimia 10 kila mwezi usio na mauzo, baada ya mwaka mmoja makisio yameshuka hadi pampu 0.21. Kwa spea za magari yanayozeeka, ningechagua hii.

Lakini 0.70 ni kasi ya wastani tu. Mteja wa pampu tano bado anataka tano, hivyo akiba iangalie pia ukubwa wa oda na muda wa mzigo kufika. Na daftarini andika hata aliyeulizia akakosa, kwa sababu naye ni mahitaji.