Harakati Mbili, Nne, Sita: Hesabu ya Madda katika Kisomo cha Kurani

Madda katika kisomo cha Kurani ni kuvuta sauti kwa muda uliopimwa. Herufi zinazovutwa ni tatu tu: alifu iliyotanguliwa na fataha, wau yenye sukuni iliyotanguliwa na dhuma, na ya yenye sukuni iliyotanguliwa na kasra. Kipimo chake huitwa harakati, nacho hakina sekunde. Harakati moja ni muda ambao msomaji hutumia kutamka herufi moja yenye irabu fupi, kwa mwendo ule ule anaosomea. Anayesoma polepole ana harakati ndefu, anayesoma haraka ana harakati fupi, na wote wawili wamepatia mradi uwiano usibadilike njiani.

Madda ya asili, au madda tabii, ni harakati mbili, haizidi wala haipungui. Njia rahisi ya kuipima ni kutamka "ba-ba" kwa mwendo wa kawaida, kisha "baa". Vyote viwili vichukue muda mmoja. Walimu wengi huanzia hapa kabla ya kutaja kidole chochote, na wana haki, maana sikio lisiloshika mbili haliwezi kushika nne.

Madda hii ikikatwa, au ikiongezwa mahali isipokuwepo, maana hugeuka. "Laa" yenye alifu hukanusha, ilhali "la" fupi hutilia mkazo jambo kuwa ni hakika. "Qaala" ni alisema. Irabu ya mwisho ikivutwa ikawa "qaalaa", wasemaji wamekuwa wawili. Kwa Waswahili mtego uko mahali mahususi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo, kwa hiyo mwanafunzi asiyeangalia huivuta "bu" ya "na'budu" katika Alfatiha, ingawa hapo hakuna wau. Haoni kosa, kwa kuwa ulimi umefuata desturi ya nyumbani.

Madda nyingine zote ni matawi ya hiyo ya asili, na herufi ya madda haivutwi zaidi ya mbili ila kwa sababu. Sababu kubwa ni mbili: hamza au sukuni. Hamza hutamkwa kutoka mwisho wa koo na ni nzito, nayo herufi ya madda ni laini. Wanazuoni wanaeleza kwamba sauti huongezwa ili herufi laini isimezwe. Sukuni nayo huleta herufi mbili zisizo na irabu zikakutana, na mvuto huzitenganisha.

Mwanzo wa Suratu Nasri unaonyesha tofauti waziwazi. Katika "idhaa", alifu inafuatwa na jimu ya neno linalofuata, kwa hiyo ni mbili tu. Katika "jaa'a", alifu inafuatwa na hamza ndani ya neno lile lile, nayo inapanda hadi nne au tano. Hii ndiyo madda wajibu, yaani mutasili, iliyoungana. Hamza ikiwa mwanzoni mwa neno la pili, kama katika "innaa a'taynaaka" ya Suratul Kauthar, inakuwa munfasili, iliyoachana, na hukumu yake ni jaizi. Katika riwaya ya Hafsi kutoka kwa Asimu, inayosomwa sana Afrika Mashariki, njia ya Shatibiya huipa hii pia nne au tano. Msomaji akisimama kwenye "innaa" ili avute pumzi, hamza imekwenda zake na madda inarudi kuwa mbili.

Upande wa sukuni kuna mgawanyiko mmoja muhimu. Sukuni ya kudumu, iliyomo ndani ya neno hata msomaji asiposimama, huleta madda lazimu ya harakati sita. Sukuni inayozuka kwa sababu ya kusimama tu huleta madda aridhi, ambapo msomaji huchagua mbili, nne au sita. Sulayman al-Jamzuri, katika utenzi wake wa kufundishia Tuhfatul Atfal wa mwaka 1198 Hijria, alizipanga madda za matawi kwa hukumu hizi tatu: wajibu, jaizi na lazimu. Mpangilio huo ndio unaofundishwa mpaka leo.

Neno la mwisho la Alfatiha, "dhaalliin", limebeba sukuni zote mbili. Alifu ya kwanza inafuatwa na lamu yenye shada. Shada ni herufi mbili, ya kwanza ikiwa na sukuni, kwa hiyo ni lazimu: sita. Mwisho wa neno kuna ya, kisha nuni ambayo hupoteza irabu yake msomaji anaposimama, kwa hiyo ni aridhi. Mwanafunzi anayehesabu kwa vidole huanza kukunja pale pale anapotamka "dhaa", kidole kimoja kwa kila harakati. Mkono mmoja unaisha kwenye tano, na cha sita hutoka mkono wa pili. Kisha ulimi unakaa juu ya lamu ili shada isikike, halafu "liin" inahesabiwa upya.

Makosa ya hapa yanajulikana. La kwanza ni kutamka mbili za asili, kisha kuanza kuhesabu sita juu yake, ikawa nane. Zile mbili zimo ndani ya sita. La pili ni vidole kwenda mbio pumzi inapopungua: vitatu vya kwanza hukunjwa taratibu, vitatu vya mwisho kwa pupa, na mwanafunzi anaapa kwamba alihesabu sita. Hesabu ni sahihi, muda ni mfupi. Hujulikana kwa kutamka "ba" mara sita kwa mwendo ule ule na kulinganisha. La tatu ni sauti kuingia puani au kuyumbayumba katikati ya mvuto, jambo linalowapata hasa wanaoiga kaseti za wasomaji mashuhuri kabla ya kushika kipimo.

Aridhi nayo ina adabu yake. Aliyesimama kwa nne kwenye "aalamiin" anatakiwa asimame kwa nne pia kwenye "rahiim", "nastaiin" na "dhaalliin". Uhuru ni wa kuchagua mwanzoni. Kubadilisha kila aya huhesabiwa kuwa ila katika kisomo.

Msahafu husaidia, lakini si kwa yote. Katika misahafu iliyopigwa chapa kwa mtindo wa Madina, kialama cha wimbi juu ya herufi kinamwambia msomaji avute zaidi ya mbili. Hakimwambii ni nne au sita. Hilo analijua kwa kutazama kinachofuata, hamza au sukuni. Aridhi haiwekewi alama yoyote, kwa kuwa haipo mpaka msomaji aamue kusimama.

Vipimo hivi pia hufuata riwaya. Kwa Warshi, anayesomwa zaidi Afrika Kaskazini na Magharibi, mutasili na munfasili zote huvutwa sita. Hata kwa Hafsi, zipo njia nje ya Shatibiya zinazoirudisha munfasili kwenye mbili, na baadhi ya maimamu huzitumia katika Tarawehe ili kisomo kiende upesi. Anayeichukua ruhusa hiyo hulazimika kufuata na masharti mengine ya njia hiyo katika kisomo chote, na mutasili haiingii katika ruhusa hiyo: katika "jaa'a" hakuna msomaji anayekubalika aliyeishia kwenye mbili.