Silinda Inayobingirika Kwenye Springi: Kupata Marudio kwa Hesabu ya Nishati

Silinda ya chuma iliyojaa, ikilazwa juu ya meza iliyo sawasawa na ekseli yake kufungwa kwenye springi iliyoshikizwa ukutani, ina mahali pamoja tu pa kutulia: pale ambapo springi haijavutwa wala kubanwa. Ikisogezwa kando na kuachiwa, hubingirika kurudi pale, hupapita kwa kasi, husimama upande wa pili, kisha hugeuka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ni mbembeo mmoja kamili, na idadi ya mibembeo kamili katika sekunde moja ndiyo marudio yake. Swali ni marudio hayo ni mangapi, na yanategemea nini.

Njia moja ya kulijibu ni kuorodhesha kila nguvu inayoigusa silinda, pamoja na msuguano wa meza ambao ukubwa wake haujulikani tangu mwanzo, kisha kutatua milinganyo miwili kwa pamoja: mmoja wa kusogea na mwingine wa kuzunguka. Njia hiyo ni sahihi, ila ina nafasi nyingi za kukosea alama ya kujumlisha na ya kutoa. Njia ya nishati ni fupi zaidi, kwa sababu haiulizi nani anamsukuma nani. Inauliza tu nishati iko wapi kila wakati.

Nishati hiyo hukaa sehemu tatu. Ya kwanza ni springi. Springi ikivutwa au kubanwa kwa umbali x kutoka mahali pa utulivu, huhifadhi nishati ya ½kx², ambapo k ni ugumu wa springi, yaani nyutoni zinazohitajika kuivuta kwa kila mita. Sehemu ya pili ni mwendo wa silinda nzima kusonga mbele au nyuma. Ikiwa tungamo lake ni M na kitovu chake kinakwenda kwa kasi v, nishati hiyo ni ½Mv². Hadi hapa hakuna tofauti kati ya silinda na kipande cha barafu kinachoteleza.

Tofauti iko katika sehemu ya tatu. Silinda haisongi tu, inazunguka pia, na kuzunguka kuna nishati yake. Ugumu wa kuuzungusha mwili hupimwa kwa momenti ya inesha, ambayo kwa silinda iliyojaa yenye nusukipenyo R ni ½MR². Silinda inapobingirika bila kuteleza, umbali inaosafiri ni sawa na urefu wa mzingo wake uliogusana na meza, kwa hiyo kasi yake ya kuzunguka ni v/R. Nishati ya kuzunguka ni nusu ya momenti ya inesha mara kasi hiyo kwa kipeo cha pili:

½ × ½MR² × (v/R)² = ¼Mv²

R imejifuta. Silinda nene na silinda nyembamba zenye tungamo moja zitabembea kwa marudio yaleyale zikifungwa kwenye springi moja. Silinda nene ni ngumu zaidi kuizungusha, lakini inazunguka polepole zaidi kwa kila mita inayosafiri, na mambo hayo mawili hufidiana kabisa.

Zikijumlishwa nishati mbili za mwendo, ½Mv² na ¼Mv², hupatikana ¾Mv². Jumla ya nishati yote basi ni ¾Mv² + ½kx², na mradi hakuna kinachoipunguza, jumla hii haibadiliki tangu silinda inapoachiwa. Umbo la jumla hiyo lina maana kubwa: ni kasi kwa kipeo cha pili na umbali kwa kipeo cha pili, kila kimoja kikizidishwa kwa namba isiyobadilika. Mfumo wowote wenye umbo hilo hubembea kwa mwendo laini wa sine, na katika mwendo huo kasi ya juu kabisa ni ωA. Hapa A ni umbali wa mbali zaidi kutoka mahali pa utulivu, na ω ni marudio yaliyozidishwa kwa 2π.

Kilichobaki ni kulinganisha nyakati mbili. Silinda ikiwa mwisho wa safari yake, imesimama kwa kitambo kidogo sana, na nishati yote iko kwenye springi: ½kA². Ikipita katikati, springi haina kitu, na nishati yote iko kwenye mwendo: ¾M(ωA)². Kwa kuwa nishati ni ileile,

¾Mω²A² = ½kA²

na A inajifuta pande zote mbili. Jibu ni

ω = √(2k/3M)

Kama mwili huohuo ungeteleza bila msuguano badala ya kubingirika, jibu lingekuwa √(k/M). Kubingirika kumefanya silinda ijibu springi kana kwamba tungamo lake ni mara moja na nusu ya lile lililoandikwa kwenye mizani. Hicho ndicho kiini cha suala zima, na anayekishika hahitaji kukariri fomula.

Mfano wenye namba unaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Silinda ya chuma ya kilo 2, yenye nusukipenyo cha sentimita 3 na urefu wa karibu sentimita 9, imefungwa kwenye springi ya nyutoni 75 kwa mita. Kwa vitendo ni bora kutumia springi mbili za nyutoni 37.5 kwa mita, moja kila upande, zote zikiwa zimevutwa kidogo tangu mwanzo, kwa sababu springi ndefu ikibanwa huelekea kujipinda kando badala ya kusukuma. Ugumu wao kwa pamoja ni nyutoni 75 kwa mita. Basi 2k/3M ni 150/6, yaani 25, na ω ni 5. Marudio ni 5 ikigawanywa kwa 2π, karibu 0.80 kwa sekunde, na mbembeo mmoja huchukua sekunde 1.26. Kama ingeteleza, mbembeo mmoja ungechukua sekunde 1.03 tu.

Silinda hiyo ikivutwa sentimita 10 na kuachiwa, springi zinaipa nishati ya jouli 0.375. Katikati ya safari kasi yake ni mita 0.5 kwa sekunde: kusonga kunabeba jouli 0.25 na kuzunguka jouli 0.125. Theluthi moja ya nishati ya mwendo iko kwenye mzunguko, na mgawanyo huo haubadiliki wakati wowote wa safari.

Msuguano haukutajwa popote katika hesabu hii, na mwanafunzi makini huuliza kwa nini. Hauwezi kusemwa kuwa haupo, maana bila huo silinda ingeteleza bila kuzunguka. Sababu ni kwamba silinda inapobingirika sawasawa, sehemu yake inayogusa meza huwa imetulia kabisa katika nukta ile ya wakati. Nguvu inayoshika kitu kisichosogea haifanyi kazi, kwa hiyo haiongezi wala haipunguzi nishati. Kazi ya msuguano hapa ni kuhamisha sehemu ya nishati kutoka kwenye kusonga kwenda kwenye kuzunguka na kuirudisha, bila kuchukua chochote.

Hata hivyo, msuguano una kikomo chake, na hapa njia ya nishati ina upungufu: haisemi kikomo kiko wapi. Lazima kurudi kidogo kwenye nguvu. Mchapuko wa silinda ni (2k/3M)x kuelekea katikati, kwa hiyo nguvu yote inayoisogeza ni ⅔kx. Springi inavuta kwa kx kamili, hivyo theluthi inayobaki, ⅓kx, inazuiwa na msuguano. Nguvu hiyo ni kubwa zaidi silinda inapokuwa mwishoni mwa safari, mahali ambapo imesimama. Wengi hudhani hatari ya kuteleza iko katikati kwenye kasi kubwa, kumbe pale katikati msuguano ni sifuri.

Katika mfano huu, mwishoni mwa sentimita 10 msuguano unaohitajika ni nyutoni 2.5. Uzito wa silinda ni karibu nyutoni 19.6, kwa hiyo kizigeu cha msuguano kati ya chuma na meza lazima kifike angalau 0.13. Kwenye ubao mkavu hilo si tatizo, lakini kwenye bati lililopakwa mafuta silinda inaweza kushindwa. Kwa ujumla umbali wa mwanzo usizidi 3μMg/k. Kizigeu μ kikiwa 0.3, kikomo ni karibu sentimita 23.

Kuteleza kunaonekana kwa macho. Inatosha kuchora mstari wa chaki kwenye uso wa duara wa silinda, ukielekea juu wakati silinda imetulia. Kwa sentimita 10 mstari unazunguka zaidi kidogo ya nusu mzunguko, na kila silinda inapopita katikati mstari unapaswa kuelekea juu tena. Ukianza kupita katikati ukiwa umeinama, silinda imeteleza. Dalili nyingine ni kwamba upana wa mbembeo hushuka haraka katika safari za kwanza, kwa sababu msuguano wa kuteleza hula nishati, kisha upungufu huwa mdogo pale umbali unapoingia ndani ya kikomo.

Bomba jembamba lenye tungamo hilohilo la kilo 2 hubembea polepole zaidi. Maada yake yote iko pembeni, momenti ya inesha ni MR², na nishati ya kuzunguka inakuwa sawa na ya kusonga. Jumla ya mwendo ni Mv², ω inakuwa √(k/2M), na mbembeo mmoja huchukua sekunde 1.45. Kwa saa ya kusimamisha mtu anaweza kutambua kipande kilichojaa na kilicho wazi ndani bila kukikata.

Anayepima kwa uangalifu hupata muda mrefu kidogo kuliko fomula inavyosema, na mara nyingi chanzo ni springi yenyewe. Nayo ina tungamo, nayo inakwenda. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, katika kitabu chake cha nadharia ya sauti kilichoanza kutoka 1877, alitumia hesabu hii ya nishati kwa mifumo mingi inayotetemeka. Kwa springi hoja yake ni hii: ncha ya ukutani haisogei, ncha ya silinda inakwenda kwa kasi v, na sehemu za katikati zinakwenda kwa kasi inayolingana na umbali wake kutoka ukutani. Wastani wa kasi hizo kwa kipeo cha pili ni theluthi ya v², kwa hiyo theluthi ya tungamo la springi huongezwa. Theluthi hiyo haiongezwi kwenye M kabla ya kuzidisha kwa moja na nusu, bali baadaye, maana springi haizunguki.

Springi mbili za mfano zikiwa na gramu 300 kwa jumla, tungamo linalofaa kutumiwa ni kilo 3 na kilo 0.1, yaani 3.1. Mbembeo mmoja unakuwa sekunde 1.28 badala ya 1.26. Tofauti hiyo haionekani kwa kupima mbembeo mmoja, kwa kuwa kidole kwenye saa huchelewa kwa sehemu kubwa kuliko hiyo. Kwa mibembeo 20 inakuwa sekunde 25.5 dhidi ya 25.1, nayo inapimika, hasa saa ikianzishwa na kusimamishwa silinda inapopita alama ya katikati, ambako inakwenda kasi zaidi na wakati wa kupita unaonekana waziwazi.