Hadesi Hakuwa Shetani

Katika katuni ya Hercules, iliyotolewa na Disney mwaka 1997, Hadesi ndiye mbaya wa hadithi. Nywele zake ni moto, hasira zake ziko karibu, na usiku na mchana anapanga jinsi ya kumpindua ndugu yake Zeu. Herakle angali mchanga, Hadesi anawatuma watumishi wake wamuue.

Wagiriki wa kale wasingemtambua mtu huyo. Katika masimulizi yao, aliyemwandama Herakle tangu utotoni ni Hera, mke wa Zeu, kwa sababu mtoto huyo alizaliwa na Zeu kwa mwanamke mwingine. Hera ndiye aliyempelekea nyoka wawili alipokuwa amelala. Hadesi hakuwa na neno na mtoto, wala hakukitaka kiti cha Zeu. Homeri anasimulia kwamba ndugu watatu, wana wa Krono, walipiga kura: Zeu akapata mbingu, Poseidoni akapata bahari, na Hadesi akapata giza la chini wanakokwenda wafu. Hakutupwa huko kwa kuasi. Lilikuwa fungu lake, naye akakaa nalo, na ni mara chache sana anaonekana juu ya ardhi.

Hata kuua haikuwa kazi yake. Mauti yenyewe ilikuwa na mungu wake, Thanato. Hadesi alikuwa mwenye nyumba, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: aliyeingia hatoki. Hesiodi anaeleza kwamba Kerbero, mbwa wa lango, humchezea mkia na masikio kila anayeingia, lakini humrarua anayejaribu kurudi nje. Mbwa huyo anatosha kukueleza tabia ya bwana wake. Hadesi haonei mtu, lakini pia habembelezeki, na kwa sababu hiyo Homeri anasema yeye ndiye mungu anayechukiwa zaidi na binadamu. Walimchukia kwa kuwa halegei, si kwa kuwa ni mdanganyifu. Tofauti hiyo ndiyo inayopotea kwenye sinema.

Mtazame Herakle alipokwenda kwake akiwa mtu mzima. Kazi ya mwisho aliyopewa ilikuwa kumleta Kerbero juu. Apolodoro anasimulia kwamba Herakle alimwomba Hadesi mbwa huyo, naye Hadesi akakubali, mradi amshinde bila kutumia silaha alizokuja nazo. Herakle, akiwa na deraya kifuani na ngozi ya simba mwilini, akamkumbatia mbwa kichwani na kumkaba. Aling'atwa, lakini hakuachia mpaka mnyama akasalimu amri. Hadesi hakubadilisha masharti dakika ya mwisho. Herakle akaondoka na mbwa, akamwonyesha mfalme aliyemtuma, kisha akamrudisha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Orfeo pia. Alishuka kumfuata mkewe Euridike aliyekufa kwa kuumwa na nyoka, akapiga kinubi na kuimba mpaka wenye nyumba wakaguswa. Wakamruhusu aondoke naye, ila asigeuke kumtazama kabla hawajafika juu. Orfeo akageuka wakiwa wamekaribia mwanga, na Euridike akarudi chini. Baadhi ya wasimuliaji wa leo huligeuza sharti hilo kuwa mtego wa Hadesi. Katika simulizi la kale hakuna mtego. Mke alitolewa kweli, na kama mumewe angejizuia hatua chache zaidi, angefika naye nyumbani.

Nadhani waandishi wa filamu wanakwama kwa sababu wamezoea kuzimu yenye Shetani ndani, adui wa Mungu anayewinda roho. Wakimkuta mfalme wa wafu, wanamvisha joho hilo bila kuuliza. Msomaji Mwislamu ana mfano ulio karibu zaidi: Izraili hutoa roho kwa amri ya Mola, na hakuna anayemwita mwovu kwa hilo.

Hata hivyo, tusimsafishe Hadesi kupita kiasi, kama zinavyofanya riwaya nyingi za mapenzi za siku hizi zinazomfanya kijana mpweke aliyependwa na Persefoni tangu siku ya kwanza. Utenzi wa kale wa Demeta hausemi hivyo. Binti alikuwa akichuma maua, ardhi ikapasuka, akapakiwa garini kwa nguvu huku akipiga kelele. Zeu, baba yake, alikuwa ameridhia. Binti na mama hawakuulizwa. Demeta alizuia mazao mpaka binadamu wakakaribia kufa njaa, ndipo Zeu akaagiza binti arudishwe. Hadesi alitii, lakini kabla ya kumwachia alimlisha kwa siri punje ya komamanga, na kwa punje hiyo Persefoni akalazimika kurudi chini kwa theluthi moja ya kila mwaka. Hapo hakucheza kwa haki, na utenzi wenyewe haumfichii.