Uzito wa Mtoto Ndio Unaoamua Dozi ya Dawa za Kufubaza VVU

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo hapakuwa na dawa. Leo mzazi wa Bukoba au Muleba mwenye mtoto anayeishi na VVU anaweza kumpa dawa kwa vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji. Idadi ya vidonge hivyo hupangwa kwa uzito wa mtoto, hivyo anapokua, dozi nayo hubadilika.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 4 aliyepimwa kliniki ya tiba na matunzo wilayani Muleba akiwa na kilo 5.8. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kilo 3 hadi 5.9 hupewa mara moja kwa siku kidonge 1 cha mseto wa abakaviri miligramu 120 na lamivudini miligramu 60, pamoja na nusu kidonge cha dolutegraviri ya miligramu 10.

Mwezi unaofuata mtoto huyo ana kilo 6.2. Sasa anahitaji kidonge kimoja na nusu cha kila aina. Dolutegraviri imeongezeka mara tatu, ingawa uzito umepanda kwa gramu 400 tu. Sababu ni kwamba ini la mtoto mchanga huondoa dawa hiyo polepole, kisha uwezo wake huongezeka haraka katika miezi ya mwanzo. Mzazi akiendelea na nusu kidonge, mtoto atapata theluthi tu ya dozi yake, na virusi vinaweza kujenga usugu.

Kuanzia kilo 6 na umri wa miezi 3, upo pia mseto wa dawa zote tatu katika kidonge kimoja: abakaviri miligramu 60, dolutegraviri 5 na lamivudini 30. Mtoto wa kilo 6 hadi 9.9 hupewa vidonge 3 vya mseto huo, ambavyo vina kiasi kilekile cha dawa kama vile kimoja na nusu vya kila aina. Kwa hiyo, kopo likibadilishwa, mzazi amwombe mhudumu amweleze upya idadi ya vidonge.

Vidonge 3 vya mseto huo huyeyushwa katika mililita 15 za maji safi ya kunywa. Mtoto anyweshwe ndani ya dakika 30, kisha chombo kisuuzwe kwa maji kidogo naye ayanywe, kwa kuwa dawa hubaki chini. Dolutegraviri ya watu wazima ya miligramu 50 isikatwe vipande kuwa mbadala, kwa sababu mwili huifyonza kwa kiwango tofauti.

Mtoto apimwe kila hudhurio, bila nguo nzito, kwenye mizani iliyoanzia sifuri. Familia za wavuvi zinazohamia visiwa kama Bumbire na Goziba zitoe taarifa kliniki kabla ya safari, ili mtoto apimwe na dozi irekebishwe huko anakokwenda.