Faida ya Akiba Husomwa na Tarehe Zake

Tuseme muuza mchele wa Morogoro anaweka akiba kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ile mifuko inayouza vipande. Huweka anapopata, hutoa anapobanwa. Tarehe 15 Januari 2024 aliweka shilingi 1,000,000. Tarehe 10 Juni akaongeza 2,000,000, na tarehe 20 Septemba akatoa 500,000 za ada ya shule. Ilipofika 31 Desemba, vipande vyake vilikuwa na thamani ya 2,750,000. Je, fedha yake imekua kwa asilimia ngapi kwa mwaka?

Wengi wangegawa faida ya 250,000 kwa zile 2,500,000 alizobakiza, wakapata asilimia 10. Hesabu hiyo inampunja, kwa sababu inaichukulia fedha yote kana kwamba ilikaa mwaka mzima, ilhali zile milioni mbili zilikaa siku 204 tu.

Hesabu ya haki hutafuta kiwango kimoja cha mwaka, tukiite r, ambacho kila fungu likikua nacho kwa siku zake lenyewe, jumla inaangukia kwenye thamani ya mwisho:

```
1000000*(1+r)^(351/365) + 2000000*(1+r)^(204/365)
- 500000*(1+r)^(102/365) = 2750000
```

Jibu hupatikana kwa kujaribu. Ukiweka asilimia 10, unapata takriban 2,692,000, haijafika. Ukiweka 14, unapata takriban 2,768,000, imepita. Ukizidi kubana katikati unafika asilimia 13.07. Excel hufanya majaribio hayo yenyewe, tarehe zikiwa safu ya A na fedha safu ya B:

```
=XIRR(B2:B5,A2:A5)
```

Alama ziandikwe kwa kuangalia mfuko wa mwekezaji. Fedha iliyomtoka ni hasi: -1000000 na -2000000. Iliyomrudia ni chanya: 500000, na mwisho 2750000, kana kwamba siku hiyo ameuza vipande vyote. Ukisahau alama za hasi, utaona `#NUM!`.

Kosa la gawio ni baya zaidi, kwani halitoi onyo lolote. Gawio lililoingia benki liandikwe kama fedha iliyomrudia. Lile lililonunua vipande vipya humo humo lisiandikwe kabisa, maana limo tayari kwenye thamani ya mwisho. Ukiliandika kama amana mpya, kiwango kitashuka bila sababu.

Asilimia hiyo 13.07 inapima safari ya fedha ya mwekezaji huyu, pamoja na bahati ya tarehe zake. Anayetaka kumpima meneja wa mfuko alinganishe bei ya kipande kimoja mwanzo na mwisho wa kipindi, akijumlisha gawio lililotolewa. Tena XIRR huvuta kila kipindi kiwe mwaka: faida ya asilimia 3 kwa siku 60 itasomeka karibu asilimia 20. Kwa fedha ya miezi michache, mimi ningeisoma faida kwa shilingi zake, nikaiacha XIRR hadi mwaka ukaribie.