WannaCry inaponyamaza ndani ya Cuckoo

Njia ya haraka ya kujua faili unalolitilia shaka linafanya nini ni kulifungua, mradi ulifungue ndani ya kompyuta isiyokuuma ikiharibika. Kazi hiyo ndiyo ya Cuckoo, programu ya bure iliyoanza mwaka 2010 chini ya The Honeynet Project. Huwasha kompyuta pepe, hulipua faili humo, huandika yaliyotokea, kisha huirudisha mashine ilivyokuwa.

Kwenye Linux weka VirtualBox, na ndani yake Windows 7 iliyozimwa ukuta wa moto na masasisho. Iweke kwenye mtandao wa ndani usiofika intaneti: yenyewe 192.168.56.101, na mwenyeji wake 192.168.56.1. Weka Python, washa agent.py, ndipo uhifadhi hali ya mashine. Ukihifadhi agent.py ikiwa imezimwa, Cuckoo itasubiri jibu lisilokuja.

```
cuckoo submit --timeout 120 sampuli.exe
```

Tuseme sampuli ni WannaCry ya Mei 2017. Wachambuzi wengi huweka INetSim, intaneti bandia inayojibu kila ombi, ili kirusi kijione kipo nyumbani. Ripoti inarudi na jina moja refu la tovuti lisilo na maana, ombi moja la HTTP, basi. Mgeni wa kazi hii angesema faili ni salama. Kumbe WannaCry huulizia tovuti hiyo kwanza, na ikijibiwa hujizima. Marcus Hutchins, aliyelisajili jina hilo na kuuzuia mlipuko, alihisi kwamba ukaguzi huo ulikusudiwa kuwakwepa wachambuzi wenyewe.

Zima INetSim, rudia. Sasa chini ya file_created kuna C:\WINDOWS\tasksche.exe, na picha za skrini zinaonyesha dirisha jekundu linalodai fidia. Upande wa mtandao kuna msururu wa maombi kwenda poti 445 za anwani nyingi, za jirani na za mbali: kirusi kinatafuta kompyuta nyingine za kuambukiza. Ndiyo maana mtandao ule haupaswi kuwa na Windows nyingine yoyote.

Kumbukumbu hizi mbili hazichukuliwi mahali pamoja. Za mafaili huandikwa na kifuatiliaji kilichomo ndani ya Windows, kinachoandama programu uliyoifungua na zile inazozizaa. Utafutaji wa poti 445, hata hivyo, hufanywa na huduma iitwayo mssecsvc2.0, inayowashwa na Windows yenyewe, na kifuatiliaji huweza kuikosa. Mtandao hunaswa na tcpdump kwa mwenyeji, nje kabisa ya uwezo wa kirusi. Kwa hiyo mimi hufungua dump.pcap kwanza, nikikuta ombi lisilo na programu iliyolituma katika ripoti, najua kuna kitu kimejificha.

Ila Windows nayo ina maongezi yake, kama kuulizia time.windows.com. Lipua notepad.exe kwanza, uhifadhi ripoti yake, kisha toa yanayofanana.